Aliyemtolea Ng'ombe Binti wa Ziwa

Majina ninayajua yote. Niulize mtumbwi upi ulikuwa wa nani, mke wa nani alitoka wapi, ng'ombe wa shemeji yangu aliyevunjika pembe aliitwaje, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Shuleni sikukaa sana. Nilitoka nikijua kusoma Biblia polepole na kuandika jina langu, kwa hiyo mambo mengine yote niliyaweka kichwani, maana sikuwa na pahali pengine pa kuyaweka. Lakini hapa sitataja jina la mtu. Wengine bado wako hai, na watoto wa wengine wakinikuta sokoni Pap Onditi huninunulia soda, sitaki soda hiyo ikatike. Hata jina la kampuni sitalimaliza. Nitasema tu lilikuwa jina la Kiluo, lilianza na "Nyar", na maana yake kwa Kiswahili ni Binti wa Ziwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kwisha, wakati mbuta walikuwa wanavuliwa wakubwa kama ndama, na kila mtu mwenye lori na barafu alikuwa anateremka ziwani kuwatafuta. Sisi wanawake mbuta hatukuwa na nguvu naye. Sisi tulikuwa watu wa omena, dagaa wadogo wa ziwani. Mitumbwi ya omena ilirudi asubuhi, tunanunua kwa karai, tunawaanika kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga, tunawageuza, tunawafukuzia korongo na mbuzi, jioni tunawakusanya wakiwa wakavu wanalia kama majani. Nyumba yangu ilisimama kwa omena. Mume wangu alikuwa amefariki, na watoto walivaa omena, walisoma omena, walitibiwa kwa omena.

Sasa, mchanga wenyewe haukuwa wangu. Wakati wa kupima mashamba mume wangu alikuwa kazini Muhoroni, kwenye miwa, na ardhi yote ya baba yao kuanzia barabara mpaka majini iliandikwa kwa jina la mdogo wake, huyo shemeji. Hakuna aliyelalamika, ndugu ni ndugu. Mchanga ule wa mwisho, palipo na upepo mzuri na pasipo na matope, tuliutumia sisi wanawake wa boma hilo na majirani zetu kama mtu anavyotumia uwanja wa nyumba yake. Palikuwa pahali pa pekee pa kuanika pande zile. Upande mmoja ni matete matupu, upande wa pili ni matope meusi ya mto.

Siku Binti wa Ziwa alipokuja, alikuja kwa gari jeupe lenye picha ya samaki mlangoni na jina hilo limeandikwa chini ya samaki kwa rangi ya buluu. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye nyavu. Nilisoma herufi moja moja, nikafika mwisho, nikacheka peke yangu kwa furaha. Sikuwahi kuona lugha ya mama yangu imeandikwa kwenye gari jipya. Kwenye makanisa, ndiyo. Kwenye mitumbwi, ndiyo. Lakini gari jipya lilikuwa la Kizungu siku zote.

Akashuka bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini kuwasalimia wavuvi kwa mkono. Kiluo chake kilikuwa kile cha mtu aliyenyonya nacho. Akatutajia baba yake, akatutajia babu yake, tukapata kwamba nyanya yake alitoka boma la tatu kutoka letu. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kampuni, na Mwenyekiti ndivyo nitakavyomwita.

Alitaka mchanga. Alitaka ukanda wote wa shemeji upande wa ziwa, akodishiwe kwa miaka mingi, ajenge kituo cha kupokelea mbuta, chenye nyumba ya barafu na gati, na uzio wa waya kuzunguka pote. Shemeji alikuwa ameshaona mabati mapya juu ya nyumba yake kabla yule bwana hajavaa soksi.

Jioni shemeji alituita. Alikaa kwenye kiti, sisi tukakaa chini kwenye mkeka, mimi na mke wake. Kwetu wanawake walioolewa na ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana mume wake. Huyo nyieka wangu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kupendeza, mwenye kicheko kinachoanza tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni, na ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa.

Shemeji akatueleza kwamba mchanga unakwenda. Nikamwuliza omena wataanikwa wapi. Akasema tutafute. Nikasema juu ya matete au juu ya kichwa chake. Hakukasirika, furaha yake ilikuwa nyingi mno hata asiweze kukasirika.

"Mama, hawa si wageni," akaniambia. "Wageni ningewakataa mimi mwenyewe, kwa rungu. Hawa ni watoto wetu. Jina hulioni? Mtoto wako akija nyumbani anataka pahali pa kukaa, utamwambia pahali ni pa omena?"

Hapo ndipo alitushika. Ningemwambia nini? Mgeni unamkataa kwa heshima, lakini mtoto wa nyumbani ukimkataa utaonekana mchawi. Wanawake wenzetu wengine walikuwa wameshaanza kuimba kabisa. Kampuni yetu, wanasema. Walikuwa wanafukuzwa kwenye mchanga na wanapiga vigelegele.

Nyieka peke yake ndiye alibaki ananuna. "Mimi sijui," akaniambia tukiwa kisimani. "Hiyo gari ni mpya mno, haiwezi kuwa yetu."

Kwa hiyo tukaanza upelelezi, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Siku ya tatu hivi gari jeupe lilirudi na ndani yake alikuwa Mhindi mzee, mwenye miwani mizito na kofia ya jua. Akashuka, akapima kwa macho, akaongea na Mwenyekiti, akaonyesha kidole huku na huku. Nikamwita nyieka, nikamwambia tumempata mwenye kampuni. Tulifurahi kama watu waliookota mkoba. Tukawaita wanawake wengine, tukaenda kundi zima na karai zetu, tukamzunguka yule mzee kwenye mlango wa gari. Nyieka akamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani, kama yeye ndiye mwenye Binti wa Ziwa.

Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akajibu kwa Kiluo. Na si Kiluo cha kuombea maji. Kilikuwa Kiluo cha sokoni, chenye matusi madogo ndani yake.

"Nyinyi akina mama mnataka kunikamata ama mnataka kuolewa nami?" akasema. "Mimi ninauza kamba na nyavu Kisumu. Nimekuja kupima kamba ya gati. Kampuni si yangu, ingekuwa yangu ningekuja na gari langu."

Nyieka hakukubali kushindwa. Akamwambia bado yeye ni mgeni.

"Mama, umezaliwa wapi?"

Nyieka akajibu kwamba amezaliwa upande wa Kano.

"Na huyu mwenzako?"

Nikasema Maseno.

"Mimi nimezaliwa Kisumu, kwenye maji haya haya, na baba yangu kabla yangu. Kipande cha raia ninacho hapa mfukoni. Kati yetu watatu, mimi ndiye mwenyeji. Nyinyi mmeletwa na ndoa."

Hapo tulicheka mpaka karai zikaanguka. Nilimtambua sasa, ni duka lake nilikuwa nanunua uzi miaka yote, ila nilizoea kumwona nyuma ya kaunta, sikujua ana miguu. Na kitu kilichonichekesha zaidi nilikikumbuka njiani tukirudi. Duka lake lilikuwa na jina la Kiluo mlangoni. Kwa hiyo jina la Kiluo, mwenyewe Mhindi, na bado ni mwenyeji mwenye kipande. Nikamwambia nyieka kwamba jina halituambii kitu na uso hautuambii kitu. Akaniuliza sasa tuangalie nini, meno?

Lakini mzee huyo alitutupia neno moja kabla hajaondoka. Alituambia tusihangaike na nani anakaa kwenye kiti cha mbele. Kampuni, akasema, ina wakurugenzi na ina wenye hisa. Mkurugenzi anaweza kuwa mtu yeyote waliyemweka aongee. Mwenye hisa ndiye mwenye kitu. Halafu akapanda garini, akatuacha na neno hilo kama mfupa wa mbuta ambao hujui uutafune upande gani.

Tulilitafuna tukigeuza omena. Na ni katika kugeuza huko, jua liko kichwani, ndipo jina lenyewe lilianza kuniwasha.

Ngoja nieleze, maana asiye wa kwetu hatajua. Mimi kwa shemeji yangu nilikuwa naitwa Nyar na jina la kwetu Maseno. Nyieka aliitwa Nyar na jina la kwao Kano. Ni jina la heshima, wanaokuita wanasema huyu ni binti wa mahali fulani. Lakini jina hilo sikulisikia hata siku moja nilipokuwa msichana kwa mama yangu. Nani angeniita hivyo Maseno, na wasichana wote wa Maseno ni mabinti wa Maseno? Jina la Nyar unapewa pale ulipoolewa. Ni watu wa huko ulikokwenda ndio wanakuita kwa ulikotoka.

Nikasimama na omena mkononi. Nikamwuliza nyieka, "Sisi hapa ziwani, kuna binti yetu tunayemwita Binti wa Ziwa?"

Akafikiri. "Wote ni wa ziwa. Utamwita nani?"

"Basi nani amemwita huyu?"

Nilikiona kicheko kikianza tumboni mwake. Kilipanda polepole, kikafika kifuani, na kilipofika mdomoni alikaa chini juu ya omena wabichi, akawaponda, akasema, "Ameolewa. Ooh, mama yangu, huyu msichana ameolewa mbali, na shemeji yako anampa shamba la kurithi kwa baba yake."

Ilikuwa mchezo tu. Sikudhani jina la gari linaweza kuthibitisha kitu. Mwenye kulichagua pengine alilipenda tu kwa utamu wake. Lakini kuanzia siku hiyo tuliacha kuuliza kama ni wetu. Tukaanza kuuliza nani amemtolea ng'ombe wa mahari. Maana kwetu unaweza kumjua msichana, baba yake, mama yake, ukamjua hata alipoota jino la kwanza, lakini anakaa boma la nani inategemea ng'ombe wametoka zizi gani.

Sasa, shamba nje ya mji hukodishi kwa maneno yako tu. Lazima upite bodi ya ardhi. Bodi ya kwetu ilikaa mara moja kwa mwezi ofisini kwa DO, yaani mkuu wa tarafa, yeye DO akiwa mwenyekiti, na wazee wa sehemu hiyo wamekaa pande zote wakishika fimbo zao. Wakikataa, mkataba wako ni hewa. Na siku hizo walikuwa wamechoka na wanaume wanaouza mashamba bila nyumba kujua, kwa hiyo mwenye shamba aliambiwa aje na mke, na mke aulizwe kwa mdomo wake.

Shemeji alijua hivyo. Wiki hiyo nzima alimletea mke wake nyama. Nyieka alikula nyama yote, akaniletea na mimi kidogo kwenye sufuria, hakusema ndiyo wala hapana.

Siku ya bodi tulikwenda wanawake wote, tumevaa za Jumapili. Ukumbi ulikuwa mdogo, tukasimama madirishani. Mwenyekiti alikuja na wakili kijana kutoka Kisumu, mwenye mkoba wa ngozi. DO alikuwa mtu wa bara huko, si wa kwetu, mwembamba, anaongea Kiswahili cha kuchapa maneno kama mtu anayekata kuni. Aliwauliza wale wa mbele yetu, akawamaliza, akafika kwetu. Akauliza kampuni hii ni ya nani.

Wakili akasimama. Akasema vizuri sana, kwamba kampuni imesajiliwa hapa Kenya, ofisi yake iko hapa, na wakurugenzi wote, akarudia, wote, ni raia, wana wa ziwa hili. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akainama kidogo kama bwana harusi. Shemeji alinitazama dirishani kwa jicho moja, la ushindi.

DO akamgeukia nyieka. Akamwuliza kama yeye, mke wa mwenye shamba, amekubali.

Nyieka akasimama. Alikuwa mfupi, nilichoona ni kitambaa chake tu. Akasema kwa Kiluo, na mzee mmoja akatafsiri:

"Bwana DO, huyu binti ninampenda. Jina lake ni zuri. Baba yake ninamjua, nyanya yake ninamjua. Ninauliza kitu kimoja tu. Ameolewa wapi? Nani alimtolea ng'ombe?"

Ukumbi ulianguka kicheko. Wazee walipiga fimbo chini. Sisi madirishani tulishikana tusianguke. Hata karani alificha uso. DO alingoja atafsiriwe, na akatafsiriwa mara ya pili, na sisi tukadhani sasa mama wa watu atafukuzwa. Lakini DO hakucheka wala hakukasirika. Akamwambia wakili, "Umesikia swali. Sheria inauliza hilo hilo. Mimi sikukuuliza wakurugenzi. Ninauliza wanachama."

Mimi neno wanachama nilidhani ni wale wa chama cha akina mama, wanaochanga na kupika pamoja, nikaanza kushangaa Mwenyekiti anapika nini. Lakini DO alieleza, polepole, ili wazee wasikie. Mwanachama wa kampuni ni mwenye hisa. Shamba la kilimo, bodi haina ruhusa ya kumpa mtu asiye raia, na ikiwa ni kampuni ya watu binafsi, basi wanachama wake wote wawe raia. Si baadhi yao, wala si wengi wao. Akamwuliza wakili tena, wanachama ni nani.

Na wakili yule, sitamsema vibaya, hakudanganya. Alifungua mkoba, akafunga, akasema hana maelezo hayo hapo. DO akamwambia ayalete kikao kijacho, yakiwa yamethibitishwa na msajili wa makampuni Nairobi. Kisha akatugeukia sisi madirishani, akasema faili la kampuni si siri, raia yeyote anaweza kulipa ada na kulisoma, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba watayaficha.

Mwezi huo shemeji hakuongea na mtu. Nyama ilikatika. Alikuwa anakaa mlangoni, anatazama paa lake la nyasi kana kwamba limemtukana. Ndani ya boma kulikuwa na baridi, na mimi usiku sikulala vizuri, nasema ukweli. Kama karatasi ya Nairobi ingesema wote ni raia, tulikuwa tumekwisha. Mchanga ungekwenda, na juu yake tungekuwa wale wanawake wawili waliomzomea mtoto wa nyumbani mbele ya serikali. Ningerudi kununua mgongo wazi kwenye viwanda vya mjini, ile mifupa ya mbuta inayobaki wakishachukua nyama, nikaange na kuuza barabarani. Nyieka, yeye, aliolewa kwa huyo mume, alikuwa anahatarisha zaidi yangu. Lakini kila asubuhi tukikutana kwenye nyavu aliniuliza kama binti ameshaandika barua kutoka kwa mumewe, na tulianza upya.

Kikao cha pili kilijaa kuliko mazishi. Watu walitoka mpaka milimani. Wakili alikuwa na karatasi yenye muhuri, akampa DO, DO akaisoma kimya, akakunja midomo. Kisha akaisema kwa sauti.

Binti wa Ziwa alikuwa na wanachama wawili. Wa kwanza ni Mwenyekiti, raia, hisa moja.

Watu wakapiga makofi, wakifikiri moja ni nambari ya kwanza.

Wa pili, DO akasema, mwenye hisa zote zilizobaki, ni kampuni nyingine. Akataja jina lake. Lilikuwa la Kiswahili, jina tamu sana, lenye maana ya mavuno na amani, ungedhani ni kwaya.

Mzee mmoja wa bodi akasema basi hiyo nayo ni yetu, Kiswahili ni cha Kenya. Na wakili akainuka haraka akaunga mkono, akasema hiyo nayo imesajiliwa Nairobi.

"Kusajiliwa ni kuandikwa tu, mzee," DO akasema. "Kampuni haiendi kuchukua kipande. Haina kidole cha kuweka wino. Kwa nini tuiite raia? Mwenyewe ndiye tunayemtafuta." Akamtazama wakili. "Hiyo ya pili, wanachama wake ni nani?"

Nyieka alikuwa karibu nami, nilimsikia akinong'ona kwa Kiluo, "Sasa tunafika kwa mama mkwe."

Wakili alikuwa na karatasi ya pili. Huyo DO alikuwa ameagiza kwamba mwanachama akiwa kampuni, karatasi yake nayo iletwe, alikuwa ameona mbali. Na katika ya pili mwanachama mkubwa alikuwa kampuni ya tatu, na hiyo haikuwa na jina la Kiluo wala la Kiswahili wala la lugha yoyote niliyowahi kusikia mtu akiitia mdomoni. DO alijaribu kulisoma, akajikwaa, akaanza upya. Anwani yake ilikuwa ng'ambo, na huko, akasema, hata msajili wa Nairobi hana faili. Tunajua tu kwamba mwenyewe anakaa huko.

Mzee yule yule wa bodi akauliza taratibu, "Kwa hiyo ng'ombe walitoka kule."

"Walitoka kule," DO akasema.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Kigelegele kilinitoka kabla sijakiruhusu, na nyieka akakidaka, na madirisha yote yakalipuka, na askari wa DO akaja kutunyamazisha akiwa anacheka mwenyewe. DO aligonga meza. Alisema ombi limekataliwa, na kwamba wakitaka wanaweza kumwomba Rais awaruhusu nje ya sheria hiyo, mlango huo uko juu, si kwake. Au wanaweza kutafuta kiwanja mjini, ambako bodi ya ardhi ya kilimo haifiki. Kwa mara ya kwanza alionyesha meno. Alimwambia nyieka kwamba jibu lake sasa halihitajiki, lakini angependa kulisikia. Nyieka akasema, "Binti asalimiwe huko alikoolewa."

Kwa kweli wakaenda mjini. Kituo chao walikijenga huko, kwenye kiwanja cha mji, na sikuwahi kuwachukia. Wavuvi wetu waliwauzia mbuta na wakalipwa. Gari jeupe lilipita barabarani kwetu miaka mingi na samaki wake mlangoni. Mwenyekiti naye alikuja siku ile ya kikao nje ya ofisi ya DO, akasimama na sisi kivulini, suti yote imelowa jasho. Nilidhani atatutukana. Akaniuliza kama tuna maji. Nyieka akampa. Alikunywa, akasema hisa yake moja anaipenda, kwa sababu bila hiyo wasingempa gari. Tukacheka naye. Alikuwa mtoto wetu, hilo halikuwa uongo hata kidogo.

Shemeji ndiye nilikuwa namwogopa. Alitembea mbele yetu njia nzima, mikono nyuma, hakugeuka. Usiku hakula. Asubuhi mitumbwi ilipoingia niliteremka na karai, nikamkuta amefika kabla yangu. Wanunuzi wa omena kutoka Kisumu walikuwa wameshuka na magunia, wamemzunguka, na yeye amesimama juu ya mchanga wake, mguu mmoja juu ya jiwe, anaeleza kwa mikono miwili.

Alikuwa anawaambia jinsi alivyowakataa wageni. Jinsi walivyokuja na jina la Kiluo kumdanganya, na yeye akaliona siku ile ile ya kwanza, akajifanya anakubali ili wajilete wenyewe mpaka kwa DO. Alifika pale pa ng'ombe, akakumbuka hakuwa yeye aliyeuliza, akapita haraka. Kisha akatuona.

"Waulize hawa," akawaambia. "Niliwaambia siku ya kwanza, wageni nitawakataa. Nilisema ama sikusema, Mama?"

Nyieka alikuwa amejaza mdomo wake kwa pindo la kanga, mabega yanatikisika.

Nikasema, "Ulisema, shemeji. Ulisema hata rungu."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akarudi kwa wanunuzi wake, na sisi tukatandaza nyavu.